Kwa nini nyuzi 79.5 na si 75: joto lililotulia ndani ya sahani ya duara

*Shikamoo mwalimu. Kuna sahani ya duara, nusu ya juu ya ukingo wake imeshikiliwa kwenye nyuzi 100, nusu ya chini kwenye nyuzi 0. Nakubali kwamba katikati ni 50. Lakini nikitoka katikati nikapanda nusu ya njia kwenda juu, mimi napata 75, kwa sababu hapo nimeshamaliza robo tatu ya safari kutoka chini. Kitabu kinasema 79.5. Hizo nyuzi nne na nusu zimetoka wapi? Na mbona hawajasema sahani ni ya chuma gani?*

Marahaba. Hiyo 75 yako si kosa la hesabu. Ni jibu sahihi la swali jingine, na ukishaliona swali hilo utakuwa umefika mbali.

Tuweke kitovu cha sahani kwenye (0, 0), na nusu kipenyo kiwe 1. Ulichofanya ni kuchukulia kwamba joto linapanda kwa mwendo uleule kutoka chini hadi juu, yaani `u = 50 + 50y`. Ukiweka y = 0.5 unapata 75. Sasa twende ukingoni tukaone fomula hiyo inadai nini huko. Juu kabisa inadai 100, chini kabisa inadai 0, hapo hamna ugomvi. Lakini simama ukingoni upande wa kulia, digrii 30 tu juu ya mstari wa katikati. Hapo y ni 0.5, kwa hiyo fomula inadai nyuzi 75, ilhali mahali hapo pameshikiliwa kwenye 100. Ukikaribia mahali nusu mbili zinapokutana, fomula yako inakaribia 50, na ukingo wa kitabuni bado ni 100 mpaka hatua ya mwisho. Kwa hiyo wewe umetafuta joto la sahani ambayo ukingo wake unapoa polepole kutoka kileleni kwenda chini. Ya kitabuni ina joto kali mbavuni pia, na ndilo linalokuongezea zile nyuzi.

Kilicho kizuri ni kwamba fomula yako ni halali ndani ya sahani. Joto likishatulia, kila kipande kidogo cha sahani kinapokea joto sawasawa na kinalotoa; kisipofanya hivyo kitaendelea kupata moto au kupoa, na hatuwezi kusema kimetulia. Kihesabu sharti hilo ni mlinganyo wa Laplace, `u_xx + u_yy = 0`, yaani ukitafuta derivativu ya joto u mara mbili kwa x na mara mbili kwa y, jumla yake ni sifuri, na fanksheni inayolitimiza tunaiita hamoniki. `50 + 50y` inalitimiza bila shida. Kilichoikwamisha ni ukingo.

Na hapohapo lipo jibu la swali lako la pili. Uwezo wa chuma kupitisha joto ni namba inayozidisha pande zote za mlinganyo huo, na kwa kuwa upande wa kulia ni sifuri, namba hiyo inafutika. Shaba, alumini au chuma cha pua, yote yanaishia kwenye 79.5, mradi sahani nzima ni ya kitu kimoja. Aina ya chuma inaamua muda wa kusubiri tu. Sahani ya chuma cha kawaida yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 inahitaji kama dakika kumi kutulia. Ya alumini, ambayo joto husambaa ndani yake kama mara nane kwa kasi zaidi, inahitaji kama dakika moja na ziada.

Sasa hiyo 50 uliyoikubali, tuisimamishe kwenye msingi wake, kwa sababu ndiyo itakayotupa 79.5. Chora duara dogo ndani ya sahani, kitovu chake kilekile. Joto linaingia kupitia sehemu ya juu ya duara hilo na kutoka kupitia sehemu ya chini. Kwa kuwa ndani hakuna kinachozalisha wala kumeza joto, jumla ya kinachovuka duara ni sifuri. Sasa panua duara kidogo. Baadhi ya sehemu zake zinaingia penye joto zaidi, nyingine penye joto pungufu, na kasi ya badiliko hilo kila mahali ndiyo hasa inayoendesha mtiririko wa joto kuvuka duara. Jumla ya mtiririko ni sifuri, basi na jumla ya mabadiliko ni sifuri. Maana yake, wastani wa joto juu ya duara haubadiliki unapolipanua au kulifinya. Lifinye mpaka libaki nukta: wastani ni joto la kitovu. Lipanue mpaka ukingo: wastani ni ule wa ukingo. Kwa hiyo joto la kitovu ni wastani wa ukingo, na kwa sahani yetu ni 50. Hii ndiyo sifa ya wastani, na ni ya fanksheni zote za hamoniki, kwenye duara lolote unalochora ndani yake.

Lakini nukta yako P, iliyo kwenye (0, 0.5), si kitovu. Hapo wengi wanajaribu kubahatisha uzito: ukingo ulio karibu uhesabiwe zaidi, ulio mbali uhesabiwe kidogo. Wazo si baya, ila uzito gani? Nitakuonyesha njia ambayo Mjerumani Hermann Schwarz, aliyeishi 1843 hadi 1921, ameiachia hesabu, na ambayo mimi naiona kuwa nzuri kuliko fomula yenyewe.

Chukua nukta yoyote A ya ukingo. Piga mstari kutoka A upite P uendelee mpaka ugonge ukingo upande wa pili, kwenye B. Lichukue joto la A ulipeleke B. Fanya hivyo kwa ukingo mzima, kila nukta ihamishie joto lake ng'ambo kupitia P. Ukimaliza, chukua wastani wa kawaida wa ukingo huo mpya. Hilo ndilo joto la P.

Jaribu kwa kalamu na karatasi. Anza na kiungo cha kulia, yaani pale nusu mbili za ukingo zinapokutana, kwenye (1, 0). Mstari wa kutoka hapo kupitia (0, 0.5) unatokea upande wa kushoto kwenye (−0.6, 0.8), hakikisha kwamba 0.36 na 0.64 vinafanya 1. Kutoka kiungo cha kushoto unatokea kwenye (0.6, 0.8). Nusu yote ya chini, ile ya nyuzi 0, ikihamishwa kupitia P inabanwa kwenye kofia ndogo ya juu, kati ya nukta hizo mbili. Kofia hiyo ni tao la digrii 73.74. Digrii nyingine zote 286.26 zimechukuliwa na nyuzi 100. Gawanya 286.26 kwa 360, zidisha kwa 100: unapata 79.5.

Unaona kilichotokea? Ulipopanda kutoka kitovu, ukingo baridi ukawa mbali nawe, na ng'ambo yake ikawa karibu nawe, kwa hiyo tao lake likasinyaa. Ungebaki kitovuni, kila nukta ingehamia upande ulio mkabala nayo, nusu ingebaki nusu, na wastani ungekuwa uleule 50.

Kwa nini uhamisho huo unaruhusiwa? Kwenye namba changamano, ukiiita p nukta yako, kumhamisha A kwenda B ni fomula hii:

```
B = (p − A) / (1 − conj(p)·A)
```

Hapo `conj(p)` ni p iliyogeuzwa alama ya sehemu yake ya kufikirika. Fomula hiyo haifanyi kazi ukingoni tu. Inaichukua sahani nzima na kuirudisha ndani ya duara lilelile, inaipeleka p kwenye 0 na 0 kwenye p, na haiharibu pembe. Jambo muhimu ni hilo la mwisho: badiliko la aina hii likitumika kwenye fanksheni ya hamoniki, linatoa fanksheni nyingine ya hamoniki. Kwa hiyo tumeinyumbulisha sahani, P akawa kitovu, na kitovuni tuna haki ya kutumia wastani wa kawaida. Hatukuongeza kanuni mpya; ni sifa ileile ya wastani iliyotupa 50.

Na ule uzito tuliokuwa tunaubahatisha sasa unajitokeza wenyewe. Sogeza A kidogo sana ukingoni, B atasogea pia. Pembetatu mbili ndogo zinazokutana P zina umbo moja, kwa hiyo kipande cha tao kwenye B kwa kipande cha tao kwenye A ni kama urefu PB kwa urefu PA. Kutoka sekondari unakumbuka kwamba kwa kila mstari unaopita P, PA mara PB ni namba moja isiyobadilika. Kwa duara letu ni 1 − r², r ikiwa umbali wa P kutoka kitovu. Kwa hiyo PB/PA ni sawa na:

```
(1 − r²) / PA²
```

Huo ndio uzito wa Poisson. Ukingo unahesabiwa kwa kinyume cha umbali uliozidishwa kwa wenyewe, na ile 1 − r² ya juu ipo ili uzito wote ukiuchukulia wastani upate 1 kamili. Anayetumia umbali mtupu bila kuuzidisha, au anayesahau 1 − r², anapata namba zinazoonekana za kuaminika na zote si sahihi.

Kuna hesabu nyingine fupi inayothibitisha 79.5, na inafaa kwa sababu inaonyesha tena tofauti ya ndani na ukingoni. Simama P upime pembe unayoiona ukitazama nusu yenye moto, kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Ni digrii 233.13. Gawanya kwa 360 uzidishe kwa 100, unapata 64.76. Wanafunzi wangu wengi wanasimama hapo. Pembe hiyo, unapotembea ndani ya sahani, kweli ni fanksheni ya hamoniki. Lakini ifuate mpaka ukingoni. Kwa kanuni ya pembe inayokaa juu ya kipenyo, ukifika ukingo wa juu pembe inakuwa digrii 270, yaani 75, na ukifika ukingo wa chini ni digrii 90, yaani 25. Kwa hiyo 64.76 ni joto la sahani ambayo ukingo wake ni 75 juu na 25 chini. Irekebishe: toa 25, zidisha kwa 2. Unapata 79.5.

Kwa mstari wa katikati unaopanda wima fomula inakuwa nyepesi kabisa, pembe zikiwa kwa radiani:

```
u = 50 + (200/π)·arctan(y)
```

Itazame mwinuko wake. Kitovuni joto linapanda kwa nyuzi 63.7 kwa kila nusu kipenyo, kasi kuliko 50 yako. Juu kabisa limepungua hadi 31.8, nusu ya ule wa kitovuni. Joto linakwea haraka penye baridi na moto vinapovutana, halafu linalegea kileleni, maana huko ukingo wenye moto umekuzunguka pande zote na kilichobaki cha kupanda ni kidogo. Nyuzi zako nne na nusu zimo kwenye kupinda huko kwa mstari.

Ukitaka kufanya hivi kwa ukingo wa namna yoyote, kompyuta inamaliza kwa mistari michache:

```python
from math import pi, sin, cos
n, r = 360, 0.5          # P iko kwenye (0, r)
s = 0
for k in range(n):
    a = 2*pi*(k + 0.5)/n
    f = 100 if sin(a) > 0 else 0
    d2 = cos(a)**2 + (sin(a) - r)**2
    s += f*(1 - r*r)/d2
print(s/n)
```

Inatoa 79.517. Sasa badilisha r iwe 0.999, yaani karibu kabisa na ukingo wa juu. Jibu la kweli hapo ni 99.97. Programu hii itakuandikia takriban 18, bila onyo lolote. Kilichotokea ni kwamba P akiwa karibu hivyo na ukingo, uzito karibu wote umejikusanya kwenye kijipande chembamba sana mbele yake, chembamba kuliko nafasi kati ya nukta zetu 360. Nukta mbili zilizo jirani zimekiruka, mmoja kushoto kwake na mwingine kulia, na kilele chenyewe hakikuhesabiwa. Namna ya kulinasa kosa hili ni kuweka `f = 1` ukingo mzima. Sahani yenye nyuzi 1 kila mahali ukingoni lazima iwe na 1 ndani. Programu ikikupa 0.18 ujue nukta zako ni chache. Ongeza n mpaka nafasi kati yake iwe ndogo mara kadhaa kuliko 1 − r. Mimi jaribio hili nalifanya kila mara kabla ya kuamini namba yoyote iliyo karibu na ukingo.

Kwenye sahani halisi, sifa ya wastani inageuka kuwa kipimo. Niliwahi kupima bati la alumini la unene wa milimita moja, nusu kipenyo sentimita 10, chumba kikiwa kwenye nyuzi 28. Wastani wa ukingo, kwa nukta nane zilizopangwa sawasawa, ulikuwa 52, na kitovu kikasoma 47. Nikabadilisha kipimajoto, ikawa vilevile. Kipimajoto hakikuwa na tatizo: bati lilikuwa wazi juu na chini, na hewa ya chumba ilikuwa inachukua joto kupitia nyuso zake. Hapo kila kipande kinapoteza zaidi ya tunavyohesabu na mlinganyo wa Laplace haupo tena. Kufunika nyuso zote mbili kwa pamba ya kioo kukaziba karibu pengo lote. Kwa hiyo katika chumba kilicho baridi kuliko sahani, kitovu kikiwa chini ya wastani wa ukingo, nyuso zinavuja. Kikiwa juu yake, kuna kitu ndani kinachozalisha joto.

Limebaki jambo moja kuhusu sahani ya kitabuni, na ni vizuri ulijue kabla hujajaribu kuitengeneza. Kwenye viungo viwili, pale 100 na 0 vinapogusana, joto halina thamani moja. Kifuate kiungo cha kulia kwa kutembea juu ya kipenyo cha mlalo, utasoma 50 mpaka mwisho. Kifuate ukiwa umebana karibu na ukingo wa juu, utasoma karibu 100. Ukibana ukingo wa chini, karibu 0. Thamani inategemea pembe unayoingilia. Na ukijumlisha joto lote linalovuka kipenyo kutoka juu kwenda chini, jumla haina kikomo, kwa sababu karibu na viungo nyuzi 100 zinashuka kwenye umbali unaokaribia sifuri. Hakuna hita wala barafu inayoweza kulihimili hilo. Anayetengeneza sahani kama hii huacha pengo dogo la kizuizi kati ya nusu mbili, tuseme digrii mbili kila upande, ambamo joto la ukingo linashuka taratibu kutoka 100 hadi 0. Ndani, mbali na viungo, tofauti utakayoiona ni ndogo mno. Ukiweka ushukaji huo ndani ya `f` kwenye programu ya juu, huku r ikiwa 0.5, itakutolea 79.5 ileile.